Jumla za mafungu zijihesabu zenyewe: maswali ya wasomaji

Shikamoo mwalimu. Nina mkahawa Bondeni. Manunuzi yote nayaandika kwenye Excel mstari kwa mstari, lakini mwezi ukiisha bado nashika kikokotoo kutafuta vyakula vimekula ngapi, mkaa na gesi ngapi. Nifanyeje jumla zitoke zenyewe? (Mwenye mkahawa, Bondeni)

Marahaba. Fungua shiti tatu ndani ya faili moja. Ya kwanza iite Matumizi: safu A tarehe, B kitu, C kiasi, na D fungu. Ya pili iite Orodha: A kitu, B fungu lake, C bajeti yake ya mwezi. Ya tatu ni Muhtasari, ambako safu A ina majina ya mafungu tu. Mafungu matano au sita yanakutosha. Nimeona watu wakijipangia ishirini, wakaishia kuwa na muhtasari mrefu kama matumizi yenyewe.

Katika Orodha kila kitu kinaandikwa mara moja. Unga, nyama na maziwa ni Vyakula. Mkaa na gesi ni Nishati. Maji ya mkokoteni ni Maji, na tuktuk ya kutoka Kongowea ni Usafiri. Ukishapanga hivyo, safu D ya Matumizi huiandiki kwa mkono tena. Weka fomula hii kwenye D2 kisha uiburute hadi mstari wa 500:

```
=IF(B2="","",IFNA(VLOOKUP(TRIM(B2),Orodha!$A$2:$B$100,2,FALSE),"HAIPO"))
```

Inasema hivi: ikiwa B2 ni tupu, acha tupu. La sivyo, chukua jina lililoko B2, ondoa nafasi zilizozidi, litafute katika safu ya kwanza ya Orodha, na ulete kilichoandikwa katika safu ya pili. Usipolipata, andika HAIPO.

Sasa nenda kwenye Muhtasari. Matumizi ya kila fungu yanaingia B2, bajeti yake inaingia C2:

```
=SUMIF(Matumizi!$D$2:$D$500,$A2,Matumizi!$C$2:$C$500)
=SUMIF(Orodha!$B$2:$B$100,$A2,Orodha!$C$2:$C$100)
```

SUMIF inapita safu ya mafungu, na kila inapokuta jina lililoko A2 inachukua kiasi cha mstari huo na kukiongeza. Tuseme siku za mwanzo wa mwezi ulinunua unga wa 3,600, mkaa 2,800, nyama 5,400, maji 600, gesi 3,200, ukalipa tuktuk 450 na maziwa 1,350. Vyakula vitasoma 10,350, Nishati 6,000, Maji 600 na Usafiri 450. Kesho ukiongeza mstari wa nyama, Vyakula vinapanda wewe ukiwa bado na mkono kwenye kibodi. D2 ukiiandika `=C2-B2` utaona kilichobaki katika kila fungu.

Jambo moja usiliruke: mwisho wa orodha ya mafungu katika Muhtasari, ongeza mstari ulioandikwa HAIPO, nao uwe na fomula ileile. Sababu yake inakuja katika swali linalofuata.

Mwalimu, mimi ni mweka hazina wa kamati ya harusi, Kisauni. Jumla za mafungu yangu zikijumlishwa hazifiki pesa tulizotoa. Kwenye muhtasari hakuna seli inayoonyesha kosa lolote. Pesa zinapotelea wapi?

Hapo ndipo wengi wanapoumia, kwa sababu SUMIF hainung'uniki. Mstari ambao fungu lake halikupatikana unaonyesha `#N/A` kwenye safu ya mafungu, lakini SUMIF haioni hilo kuwa kosa. Inaona tu kwamba mstari ule si wa "Mapambo" wala "Chakula", inaupita. Jumla inatoka safi, na imepungua. Ndiyo maana namwambia kila mtu aandike HAIPO badala ya kuacha `#N/A`, na aipe HAIPO mstari wake katika muhtasari. Pesa isiyo na fungu sasa inaonekana kwa shilingi zake.

Chini ya muhtasari weka ukaguzi. Mfano huu unachukulia kwamba mafungu yako pamoja na HAIPO yanaishia mstari wa 9:

```
=SUM(Matumizi!$C$2:$C$500)-SUM($B$2:$B$9)
```

Ikitoka sifuri, kila shilingi iliyo namba imefika kwenye fungu fulani. Isipotoka sifuri, mara nyingi kuna fungu lililoandikwa katika Orodha ambalo halimo katika Muhtasari. Umeongeza "Zawadi" kule, huku umesahau.

Nimesema "iliyo namba" makusudi. Mjumbe akiandika `3600/=` au `Sh 3,600` ndani ya seli, kwa Excel hayo ni maandishi. SUMIF inayaruka, na SUM pia inayaruka, kwa hiyo ukaguzi wa hapo juu utakupa sifuri huku pesa imepotea pande zote mbili. Kiasi cha namna hiyo kwa kawaida hujipanga kushoto mwa seli, wakati namba hukaa kulia, lakini macho yanachoka. Weka ukaguzi wa pili:

```
=COUNTA(Matumizi!$C$2:$C$500)-COUNT(Matumizi!$C$2:$C$500)
```

COUNTA inahesabu seli zote zenye kitu, COUNT inahesabu zenye namba tu. Tofauti ikiwa 2, kuna seli mbili za kusaka. Andika namba tupu. Kama unapenda kuona "Sh", iweke kwa mpangilio wa seli, usiichape.

Zikibaki HAIPO ambazo kwa macho jina ni lilelile, angalia kama jina lilinakiliwa kutoka kwenye ukurasa wa mtandao. Huko kuna nafasi ya aina nyingine ambayo TRIM haiigusi. Linganisha `=LEN(B7)` na herufi unazoziona. Ikizidi, badilisha `TRIM(B2)` ndani ya fomula iwe hivi:

```
TRIM(SUBSTITUTE(B2,CHAR(160)," "))
```

Na kama shida ni wajumbe watatu wanaoandika "Viti", "viti vya kukodi" na "kiti", herufi kubwa na ndogo hazisumbui, lakini maneno tofauti yanasumbua. Chagua safu B, ingia Data kisha Data Validation, chagua List, na kwenye chanzo andika `=Orodha!$A$2:$A$100`. Kuanzia hapo watachagua jina kwenye orodha badala ya kujitungia. Anayebandika kutoka kwingine bado atapenya, basi ukaguzi uache palepale.

Nimetumia VLOOKUP lakini ndimu zinahesabiwa kuwa nishati! Ndimu na mkaa wapi na wapi? (Muuza juisi, Marikiti)

Umeacha neno FALSE mwishoni mwa fomula. Bila hilo, VLOOKUP inachukulia kwamba orodha imepangwa kwa alfabeti, na isipolipata jina inachukua lililo karibu kabla yake. Orodha yako ikiwa Gesi, Maji, Maziwa, Mkaa, Nyama, Tuktuk, Unga, basi "Ndimu" ambayo haimo inaangukia baada ya Mkaa na kabla ya Nyama, ikabeba fungu la Mkaa. Na orodha isipopangwa kwa alfabeti, hata majina yaliyomo yanaweza kuleta fungu la jirani. Kosa hili ni baya kuliko HAIPO kwa kuwa hesabu zote za ukaguzi zitakubali: pesa ipo, ila imekaa nyumba isiyo yake.

Nikiburuta fomula ya SUMIF kwenda chini, jumla za chini zinakuwa ndogo kuliko nilivyotarajia.

Alama za dola. Bila `$`, `D2:D500` inageuka `D3:D501` mstari unaofuata, kisha `D4:D502`, na mistari ya juu inaachwa mmoja mmoja. Simama kwenye anwani ndani ya fomula ubonyeze F4.

Mwalimu, nataka kuona kila fungu mwezi kwa mwezi bila kufungua faili jipya kila mwezi. Inawezekana? (Mwenye tuktuk tatu, Likoni)

Inawezekana, kwa SUMIFS, yenye S mwishoni. Inakubali masharti mengi, lakini mpangilio wake umegeuzwa: safu ya pesa inatangulia, masharti yanafuata. Aliyezoea SUMIF hukwama hapo. Tengeneza shiti nyingine iitwe Miezi: safu A mafungu (mafuta, matengenezo, bima), na mstari wa 1 uwe na tarehe ya kwanza ya kila mwezi, B1 ikiwa `=DATE(2025,6,1)` na C1 ikiwa `=EDATE(B1,1)`. Kisha kwenye B2:

```
=SUMIFS(Matumizi!$C$2:$C$500,
 Matumizi!$D$2:$D$500,$A2,
 Matumizi!$A$2:$A$500,">="&B$1,
 Matumizi!$A$2:$A$500,"<"&EDATE(B$1,1))
```

Buruta kulia na chini. `$A2` inashikilia safu ya mafungu, `B$1` inashikilia mstari wa miezi. Tumia "chini ya tarehe mosi ya mwezi ujao" badala ya "hadi tarehe 30", usije ukahangaika na Februari.

Kabla ya kuamini majibu, chunguza tarehe zako. Kompyuta nyingi zinakuja zimewekwa kwa mpangilio wa Kimarekani, unaotanguliza mwezi. Ukichapa 2/6 ukimaanisha tarehe mbili Juni, yenyewe inasoma tarehe sita Februari. Ukichapa 13/6/2025 inashindwa, kwa kuwa hakuna mwezi wa kumi na tatu, na inaiacha kama maandishi. Matokeo yake siku kumi na mbili za mwanzo zinatawanyika miezi tofauti tofauti na zilizobaki hazihesabiwi kabisa. Ukiona mafuta ya Juni yako ni kidogo mno na Februari ina gharama usizozikumbuka, ni hilo. Badilisha eneo la kompyuta liwe Kenya, halafu zichape upya tarehe zilizokwisha kuharibika, hazitajirekebisha.

Maji mengine napikia, mengine naoshea vyombo. Niyaweke fungu gani?

Yawe vitu viwili katika Orodha, "Maji ya kupikia" na "Maji ya usafi", kila kimoja na fungu lake. Ukinunua mitungi kwa pamoja, gawa kiasi kwenye mistari miwili siku hiyohiyo. Usijaribu kuifanya fomula iamue, haijui ndoo gani iliingia jikoni.

Kijana wangu anasema VLOOKUP imepitwa na wakati, nitumie XLOOKUP.

XLOOKUP ni nzuri kweli. Inatafuta jina kamili bila kuambiwa FALSE, na neno la kuandika jina lisipopatikana limo ndani yake:

```
=IF(B2="","",XLOOKUP(TRIM(B2),Orodha!$A$2:$A$100,Orodha!$B$2:$B$100,"HAIPO"))
```

Faida nyingine ni kwamba ukiingiza safu mpya katikati ya Orodha haivurugiki, wakati ile 2 ya VLOOKUP inabaki 2 hata kama fungu limehamia safu ya tatu. Lakini imo katika Excel 2021, Microsoft 365 na Google Sheets; Excel 2016 na 2019 haziijui. Faili likienda kwa mhasibu mwenye toleo la zamani, atakapohesabu upya ataona `#NAME?` safu nzima. Muulize kwanza anatumia lipi.