Usisaini barua ya kuacha kazi kabla bodi ya madaktari haijakuona

Kwa miaka 9 niliendesha semi-trela kati ya Dar es Salaam na Tunduma. Siku moja nikipandisha Kitonga, mguu wa kushoto uligoma kukanyaga klachi. Vipimo vilionyesha pingili za mgongo zinabana neva, na hata baada ya upasuaji ganzi haikuisha.

Ofisini nilikuta karatasi mezani. Barua ya kuomba kuacha kazi, imeshachapwa, inasubiri sahihi yangu tu. Ndugu yangu, hiyo usiisaini. Sheria ya ajira inakupa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Tena mwajiri anatakiwa aangalie kwanza kama ipo kazi nyingine unayoiweza. Ukiomba mwenyewe kuondoka, umemtua mzigo huo wote. Akikuachisha bila kufuata utaratibu, una siku 30 za kupeleka mgogoro CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Likizo ikiendelea, nilienda NSSF kuchukua taarifa ya michango. Pensheni ya ulemavu inataka michango ya miezi 180, au angalau miezi 36, na kati ya hiyo 12 iwe ndani ya miezi 36 kabla ya ulemavu. Nilijiona salama, maana miaka 9 ni miezi 108. Kumbe katika miaka mitatu ya mwisho ilionekana miezi 10 tu! Mshahara ulikatwa kila mwezi, mwajiri hakupeleka. Kilichoniokoa ni hati za mshahara nilizokuwa nazikunja kwenye mfuko wa nailoni chini ya godoro. Niliwapelekea wakaguzi wa NSSF, wakambana mwajiri mpaka akalipa.

Ikabaki barua ya daktari. Ya kwanza ilisema: "Anaumwa mgongo, apewe kazi nyepesi." Haikunifaa kitu. Bodi ya madaktari inayowapima waombaji wa pensheni hiyo inatazama uwezo wako wa kujipatia kipato, nao lazima uwe umepungua kwa theluthi mbili. Kushindwa udereva peke yake hakutoshi. Mwenzangu mmoja alikataliwa kwa sababu kazi ya kukaa stoo angeimudu. Nilirudi kwa daktari nikamsimulia kazi yangu tangu kupakia hadi kushusha. Akaandika upya: hawezi kukaa zaidi ya dakika 20, mguu wa kushoto hauna nguvu ya kukanyaga, hawezi kuinua turubai wala kukaza mikanda ya mzigo. Siku ya bodi, karibu kila swali lilitoka kwenye mistari hiyo.

Mwombe daktari aandike na chanzo. Ukiwa umeumia kazini, au ugonjwa umetokana na kazi, fidia inadaiwa WCF, yaani Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na huko ulemavu wa kudumu unaozidi asilimia 30 hulipwa pensheni ya kila mwezi. Usiozidi hapo hulipwa kwa mkupuo.