Bomba la kilomita 207 na jibu langu lililozidi mara mbili

Hesabu yangu ya kwanza ya bomba refu la gesi niliifanya kwa kujiamini sana, na ikatoka mara mbili ya ukweli. Mhandisi mzee niliyekuwa chini yake aliitazama karatasi, akatabasamu, akaniuliza, "Kijana wangu, hiyo f umeitoa wapi?" Sikuelewa swali. Nilidhani f, ile namba ya msuguano wa bomba, ni f tu.

Nitaeleza kwa bomba ambalo Watanzania wengi wanalifahamu, lile linaloleta gesi ya Songo Songo hadi Ubungo, Dar es Salaam. Sehemu yake ya nchi kavu ni ya inchi 16 na ina urefu wa kilomita 207 hivi. Vipimo hivyo viwili ndivyo ninavyoazima. Presha na mengine yote hapa chini ni ya mfano wangu, si takwimu za uendeshaji wa bomba lenyewe.

Tuseme gesi inaingia ikiwa na presha ya baa 80 na tunataka ifike ikiwa na baa 45 (baa ya kipimo, si ile ya bia), hewa ya anga ikiwa imejumlishwa. Je, zitapita kilo ngapi kwa sekunde?

Kinachowaponza wanaotoka kwenye hesabu za maji ni densiti. Maji yakiingia na yakitoka ni mazito vilevile, kwa hiyo presha hushuka kwa kiasi kilekile kila kilomita. Gesi haiko hivyo. Msuguano unakula presha, presha ikishuka gesi inatanuka, ikitanuka inabidi iende kasi zaidi ili kilo zilezile zipite, na kasi ikiongezeka msuguano unakula presha zaidi. Ndiyo maana katika gesi tunashughulika na tofauti ya presha zilizopigwa kipeo cha pili.

Jotoridi tunalichukulia kuwa halibadiliki, na kwa bomba lililofukiwa hilo si uvivu. Katika mfano huu gesi inakaa ndani ya bomba kwa muda wa saa 11 na nusu hivi, muda wa kutosha kabisa kufanana na udongo unaolizunguka. Dhana hiyo inalegea kwenye kilomita za mwanzo tu, iwapo gesi imetoka kwenye kompresa ikiwa bado ya moto. Pwani yetu pia haina milima ya kutisha, kwa hiyo mwinuko nimeuacha. Kanuni inabaki hivi:

```
G² · [ f·L/D + 2·ln(p1/p2) ] = (p1² − p2²) / (Z·R·T)
m = G · A
```

G ni kilo zinazopita kwa sekunde katika kila mita ya mraba ya tundu la bomba, A ni eneo la tundu hilo, na m ni mtiririko wote kwa kilo kwa sekunde. L ni urefu wa bomba, D ni kipenyo chake cha ndani, na p1 na p2 ni presha ya kuingia na ya kutoka. Kipenyo cha ndani nimekichukua kuwa mita 0.39, kwa sababu inchi 16 ni kipimo cha nje na unene wa chuma lazima uutoe. Eneo linakuwa mita za mraba 0.1195, na L/D inakuwa 530,769. Gesi hii karibu yote ni methani, hivyo R, namba maalumu ya gesi hii, ni 504, T, jotoridi katika kelvini, ni 300, na Z, ambayo inarekebisha tofauti kati ya gesi halisi na gesi ya vitabuni, ni 0.90. Ukizidisha zote tatu unapata 136,080. Upande wa kulia, presha zikiwa katika paskali, unatoa kama 321,500,000.

Sasa twende kwenye f. Inategemea ukwaru wa ukuta wa ndani na namba ya Reynolds, Re, inayoonyesha kama mtiririko ni tulivu au una misukosuko, na namba hiyo inategemea mtiririko ambao ndio tunautafuta. Ni kuku na yai, lakini yai hili halisumbui. Anza kana kwamba msuguano unatokana na ukwaru peke yake. Kwa ukwaru wa milimita 0.02, f ni 0.0106, G ni 239, na mtiririko ni kilo 28.6 kwa sekunde. Kwa mtiririko huo na mnato wa gesi, namba ya Reynolds ni kama milioni 7.5. Ukiiingiza kwenye mlinganyo wa Colebrook, unaotoa f kutokana na ukwaru na namba ya Reynolds, f inapanda hadi 0.0110. Rudia: G ni 234.6, mtiririko ni kilo 28.0. Mzunguko wa tatu haubadilishi chochote cha maana. Kwa lugha ya watu wa gesi, hiyo ni kama futi za ujazo milioni 122 kwa siku.

Ile logi ndani ya mabano inaongeza 1.15 tu juu ya 5,838. Kwa bomba refu iache tu. Kwenye bomba fupi lenye presha inayoshuka sana, usiiache.

Basi mimi nilikosea wapi? Niliipata f yangu kwenye chati iliyosoma 0.00275, nikaiingiza kwenye kanuni hii. Ile ilikuwa f ya Fanning, na kanuni hii inataka ya Darcy, ambayo ni kubwa mara nne. Kwa kuwa G inatokana na kipeuo cha pili, kosa la mara nne likawa mtiririko wa mara mbili: kilo 56. Hakuna kitu kwenye karatasi kilichopiga kelele, hata kasi ya mwisho, mita 14 kwa sekunde, haikuonekana ya ajabu. Tangu siku ile, nikikutana na chati nisiyoijua natazama kwanza mstari wa mtiririko tulivu. Ukiandikwa 64/Re, f ni ya Darcy. Ukiandikwa 16/Re, ni ya Fanning.

Kosa la pili nimeliona kwa wengine: kutumia densiti ya mwanzoni kwa bomba zima. Kwa kilo zetu 28 utapata presha imeshuka baa 27, badala ya 35, na utamwahidi mteja baa 53 ambazo hatazipata. Kosa la tatu ni kusahau kwamba geji haihesabu hewa ya anga. Kwenye presha zetu hizi unapoteza chini ya asilimia 1. Lakini kwenye bomba la mtaani linaloshuka kutoka baa 4 hadi 1 za geji, ukisahau kuongeza hiyo baa moja utapunguza mtiririko kwa karibu asilimia 16.

Vipeo hivyo vya pili vina jambo jingine ambalo mameneja hawapendi kulisikia. Wakitaka gesi zaidi, husema tushushe presha ya mwisho. Ukishusha baa 10 upande wa Dar, unapata nyongeza ya asilimia 9 hivi. Baa 10 hizohizo ukiziongeza upande wa kuingilia, kama bomba limethibitishwa kuzibeba, unapata karibu asilimia 18.

Na kama bomba lina geji katikati, itumie. Kwa mfano wetu, katikati ya njia hausomi 62.5. Unachukua wastani wa vipeo, 6,400 na 2,025, kisha kipeuo chake: baa 64.9. Siku geji hiyo ikionyesha 60, ukishaongeza ile baa ya anga, huku ncha zote mbili zikibaki 80 na 45, nusu ya kwanza inakula 2,800 ya vipeo na ya pili 1,575 tu. Kabla ya kulaumu bomba zima, hakikisha geji ni nzima na hakuna gesi inayochepushwa njiani, kisha tafuta kwenye nusu ya kwanza: maji yaliyotuama bondeni, au vali ambayo mtu aliifungua nusu akaenda kula.