Doa la unga wa kijani kwenye bronzi: tibu shimo, usiguse patina

Taa ya mafuta ya bronzi niliyokabidhiwa ilikuwa na patina nzuri, yaani utando unaojijenga juu ya bronzi kwa miaka mingi; ilikuwa ya kijani kilichokolea, ngumu na laini kama kioo. Kando ya mdomo wake palikuwa na doa dogo kama punje ya mtama, la kijani kilichopauka. Nililigusa kwa ncha ya brashi, unga ukadondoka juu ya karatasi nyeupe. Asubuhi yake unga mwingine ulikuwa umetoka palepale. Patina haidondoki hivyo. Huo ni ugonjwa wa bronzi.

Chini ya unga huo hukaa kloridi ya shaba, CuCl, yenye rangi ya kijivu na ulaini kama wa nta. Ikipata unyevu na hewa hugeuka unga, na wakati huohuo hutoa asidi inayokula shaba iliyo karibu na kutengeneza kloridi nyingine. Ndiyo maana kufuta unga peke yake ni kazi bure.

Miaka ya nyuma niliwahi kukilowesha kikuku kizima katika maji yenye sodiamu seskwikabonati ya asilimia 5, chumvi ya kuosha kloridi. Wiki zilipita, nikawa nabadilisha maji tu. Patina ikabadilika rangi na kloridi haikuisha. Kile kikuku bado kinaniuma.

Kwa taa nilishughulika na shimo lenyewe. Nikiangalia kwa hadubini, nilikwangua unga kwa pini mpaka nikaifikia ile nta ya kijivu, nikaitoa kadiri ilivyokubali bila kuupasua ukingo wa patina. Kisha nikachanganya oksidi ya fedha na ethanoli kidogo ikawa uji mzito, nikaushindilia shimoni kwa kijiti. Fedha hukutana na kloridi na kuwa kloridi ya fedha, ambayo haiyeyuki kwa unyevu, nayo hulifunga shimo. Rangi yake ya kahawia iliyoiva haisumbui jicho.

Halafu jaribio, na hapa usiwe na haraka. Niliiweka taa kwenye boksi lililofungwa lenye bakuli la maji kwa saa 24. Nukta moja ya kijani ilichomoza ukingoni. Nikakwangua tena, nikashindilia tena, nikairudisha. Mara ya tatu hakukutoka kitu.

Njia hii inafaa madoa machache. Yakiwa yametapakaa, kifaa hutumbukizwa katika benzotriazoli ya asilimia 3 ndani ya ethanoli, kwa glavu na mahali penye hewa ya kutosha, kwa sababu kemikali hiyo si salama kwa mwili. Nayo haiondoi kloridi, huizuia tu.

Sasa taa iko kwenye boksi lenye jeli ya silika ya kufyonza unyevu, pamoja na kipimo cha unyevu. Ugonjwa huanza kuamka unyevu wa hewa ukivuka takriban asilimia 42, kwa hiyo mimi hubaki chini ya 35. Kila mwezi naweka karatasi nyeupe mpya chini yake, na ya zamani naikagua kwa lenzi kutafuta chembe za kijani.