Fungu Kubwa Halipunguzi Kazi Daima

Wanaoniletea mpango wa kupima sampuli kwa mafungu, yaani kuchanganya kadhaa na kuzipima kwa kipimo kimoja, huuliza kwanza: "Niweke sampuli ngapi katika fungu moja?" Nami huwauliza: unakisia maambukizi ni asilimia ngapi? Bila kisio hilo, hata la kuokoteza kwenye uchunguzi mdogo wa awali, ukubwa wa fungu hauwezi kuchaguliwa.

Nazungumzia kazi ya kukadiria kiwango cha maambukizi tu. Hatutafuti nani ameambukizwa, kwa hiyo fungu lililotoka chanya halirudiwi sampuli moja moja. Idadi ya mafungu yanayohitajika, `m`, mimi huipata hivi:

```
m = 1.96² × [1 − (1−p)^k] × (1−p)^(2−k) / (k² × d²)
```

`p` ni kiwango unachokisia, `k` ni sampuli kwa kila fungu, na `d` ni kosa unalolivumilia juu na chini, kwa uhakika wa asilimia 95.

Chukua `p` 0.02 na `d` 0.01. Ukipima moja moja unahitaji vipimo 753. Ukichanganya kumi kumi, mafungu 83 yanatosha. Ukichanganya hamsini hamsini, 26. Nafuu kubwa, lakini angalia upande wa ukusanyaji: sampuli zimepanda kutoka 753 hadi 830, kisha 1,300. Kuanzia hapo nafuu inakwisha. Mafungu ya 80 yanahitajika 24, ya 100 yanahitajika 25, na ya 200 yanapanda hadi 52, yaani sampuli 10,400! Sababu ni kwamba fungu la 200 lina uwezekano wa asilimia 98 wa kuwa chanya, na karibu kila fungu likiwa chanya, majibu hayakuelezi chochote. Yakitoka yote chanya, kikokotoo kitakupa maambukizi ya asilimia 100.

Ndiyo maana kwa hali hii ningechagua 10, pengine 20, wala nisingekimbilia 80. Kisio likikosea, na kiwango halisi kikawa asilimia 10, mafungu ya kumi yatatoka chanya kama asilimia 65 na bado yanasomeka. Ya hamsini yatatoka chanya zaidi ya asilimia 99. Isitoshe, kila sampuli ndani ya fungu la kumi inazimuliwa mara kumi. Kwenye PCR hilo huchelewesha ishara kwa takribani mizunguko 3.3, na sampuli yenye virusi vichache inaweza kupotea. Chukua sampuli chache unazojua ni chanya dhaifu, zichanganye na hasi tisa kila moja, uone kama kipimo bado kinazinasa. Kisipozinasa, punguza fungu, kwa sababu fomula hiyo inachukulia kipimo hakikosei.

Mafungu 16 kati ya 83 yakitoka chanya, usigawanye 16 kwa 830, maana fungu moja chanya huenda lina sampuli mbili chanya. Kokotoa hivi:

```
p = 1 − (67/83)^(1/10)
```

Jibu ni asilimia 2.1.