Kiharusi cha mapema kwenye CT: anza na insula, kisha fuata mshipa

Picha ya CT ya kichwa iliyopigwa saa mbili baada ya mshipa kuziba mara nyingi huonekana safi kabisa. Kwanza hakikisha hakuna damu iliyovuja, kisha usiifunge. Unachokitafuta sasa ni tofauti ya HU chache tu, yaani kipimo cha CT cha jinsi kitu kinavyong'aa. Sehemu ya kijivu ya ubongo huwa karibu HU 37 hadi 40, nyeupe iko chini yake, kwenye 20 na kitu. (Wanaoanza huchanganyikiwa hapa: kwenye CT, kijivu ndiyo inayong'aa zaidi.) Damu ikikatika, kijivu huanza kuvuta maji, na maji yakiongezeka kwa asilimia moja kipimo hushuka kwa takribani HU 2.5. Ikishuka vya kutosha inalingana na nyeupe, na mpaka kati yao unafutika.

Kwa dirisha la kawaida la upana W 80 na kitovu L 40, mteremko huo jicho halioni. Bana W hadi 40 au hata 30, na L iwe 35 hadi 40. Picha itajaa chenga, ndiyo maana kwa hatua hii slaisi nene za mm 5 zinafaa kuliko nyembamba.

Usianze kuzungusha macho ubongo mzima. Nenda kwenye insula, ule utepe mwembamba wa kijivu ulio ndani ya mfereji mkubwa wa pembeni. Insula hulishwa na ateri ya kati ya ubongo na iko mbali na mishipa jirani inayoweza kuiokoa, kwa hiyo huumia mapema. Utepe ukionekana upande mmoja na upande wa pili umeyeyuka, hiyo ni dalili. Kisha ingia ndani kidogo, kwenye kiini cha lentifomu, ambacho hulishwa na vijishipa visivyo na msaidizi. Kingo zake zinapaswa kusomeka. Zikififia upande mmoja, weka kiduara cha kupimia chenye ukubwa uleule pande zote mbili, mahali palepale. Kiduara kidogo mno kitapima chenga tu, na utaandika tofauti isiyokuwepo.

Sasa rudi kwenye slaisi nyembamba, za mm 1 hivi, utafute mshipa wenyewe. Damu inayotembea huwa karibu HU 40. Bonge likikwama, maji ya damu huminywa nje na chembe nyekundu hubanana, basi mshipa unang'aa kama kijiti cheupe. Kwenye slaisi nene bonge fupi huchanganyika na maji yanayolizunguka na kupotea. Kipimo kinachotumika sana ni zaidi ya HU 43, na kiwe zaidi ya mara 1.2 ya mshipa wa upande wa pili. Sharti la pili ndilo linalookoa: mwenye damu nzito ana mishipa inayong'aa yote, kulia na kushoto. Chokaa kwenye ukuta wa mshipa nayo inang'aa, lakini kwa kawaida hupita HU 100 na hukaa pembeni, haijazi mshipa.

Tuchukue mtu wa miaka 67, mkono wa kulia umelegea na maneno hayatoki, saa 2 zimepita. Dalili zinaelekeza kwenye ubongo wa kushoto, ambao kwenye skrini uko upande wako wa kulia. Hakuna damu iliyovuja. Kwa W 40, utepe wa insula ya kushoto haupo. Lentifomu ya kushoto inasoma HU 31, ya kulia 36. Ateri ya kati ya kushoto inasoma 58, ya kulia 41, yaani mara 1.4. Gamba la ubongo kwingineko lina mipaka yake. Kwa alama za ASPECTS, ambazo hupungua moja kwa kila eneo la ateri ya kati lililoathirika, unaanza na 10, unatoa 1 ya insula na 1 ya lentifomu, inabaki 8. Mshipa hautolewi alama, ila unautaja peke yake.

Kinachoharibu usomaji mara nyingi ni kichwa kilicholala upande. Slaisi inakata kulia na kushoto kwa viwango tofauti, na insula moja inaonekana imetoweka. Tazama macho na mifupa ya masikio: kama havilingani, nyoosha picha kwenye kompyuta kabla ya kulinganisha. Tofautisha pia na kiharusi cha zamani, ambacho huwa cheusi karibu na maji ya ubongo, chenye kingo kali, na ubongo wa pembeni umevutwa kuelekea pengo. Cha mapema ni hafifu, na mikunjo ya jirani hubanwa badala ya kupanuka.

Mshipa usipong'aa, bado unaweza kuwa umeziba, kwani bonge lenye chembe nyekundu chache halina weupe wa kutosha. Kwa hiyo, kama dalili za mgonjwa ni wazi na picha ni safi, andika "hakuna damu iliyovuja, dalili za mapema hazijaonekana", usiandike "hakuna kiharusi". Kisha mpigie daktari simu, na mgonjwa apigwe CT ya mishipa kwa dawa akiwa bado juu ya meza.