Tairi linaliwa ndani tu

"Tairi la mbele kushoto la Noah linaliwa ukingo wa ndani. Nimefanya alaimenti Uyole mara mbili, bado."

Mkuu, alaimenti iwe ya mwisho. Papasa ule ukingo: ukiwa na meno kama msumeno, gurudumu linatazama nje, ukiwa laini, limelala juu kuelekea ndani. Kisha egesha pa tambarare, upime kutoka katikati ya ringi hadi madigadi, pande zote mbili. Noah ya viazi niliyoishika ilikuwa chini sm 2 kushoto: springi imechoka. Tulibadili zote mbili. Bushi ya nyuma ya wishboni nayo ilikuwa imechanika, kila breki gurudumu linacheza. Hapo mashine ya alaimenti inapima gari lililosimama tu. Bushi mpya zikazwe gari likiwa limekalia matairi. Likining'inia kwenye jeki, zitapasuka mapema.

— Upepo mdogo huo, jaza tu.

— Upepo mdogo hula kingo zote mbili, kaka.

— Langu linaliwa nje, hasa tangu nianze kushuka Kitonga kila wiki. Springi pia?

— Lako sijui bila kuliona. Kona unaziingiaje?