Saa ya seva ilitaka kumponza mtu

"Wakuu, ofisini tuna seva nne na fayawoli moja. Bosi anataka logi zikae pamoja ili zisaidie siku ya uchunguzi. Nianzie wapi, na nizitunze muda gani?"

Mkuu, anza na saa. Diski utanunua baadaye.

Ofisi moja hapa Dodoma niliyoihudumia, hela za mwanachama zilihamishwa usiku. Seva ya hifadhidata ilionyesha muamala saa 01:51. Fayawoli ilionyesha mtu kaingia kwa VPN saa 23:02, tena tarehe ya jana yake. Fayawoli ilikuwa inaandika kwa UTC, kwa hiyo ongeza saa tatu: 02:02. Yaani muamala ulitangulia VPN, kana kwamba aliyeufanya alikuwa ndani ya ofisi! Kidole kikamwangukia binti wa zamu aliyelala ofisini. (Maelezo ya mlinzi ya "saa nane usiku" nayo karani alishayachapa 08:00.)

Kilichomwokoa ni tukio moja lililoandikwa na mashine zote mbili usiku uleule. Fayawoli ilirekodi VPN ikifungua muunganisho kwenda kwenye hifadhidata saa 23:05, yaani 02:05 ya kwetu. Muunganisho huohuo, wenye namba ileile ya poti, hifadhidata iliuandika 01:48. Seva ilikuwa nyuma dakika 17, kwa sababu haikuwahi kusawazishwa tangu isimikwe. Muamala ukawa 02:08, dakika sita baada ya VPN. Kijana mmoja alitaka kuirekebisha saa ile palepale, nikamzuia: kwanza andika tofauti, ndipo uiguse.

Sasa mashine zote zichukue saa kwa NTP, itifaki ya kusawazisha saa, kutoka vyanzo vinne. Ukiwa na viwili tu, vikipingana hutajua yupi mwongo. Ukitumia chrony, kagua kwa `chronyc tracking`. Kwenye seva ya kukusanyia, rsyslog, programu ya kupokea logi, iandike nyakati mbili, wa kupokea na wa mtumaji:

```
template(name="Mbili" type="string"
 string="%timegenerated:::date-rfc3339% %timereported:::date-rfc3339% %HOSTNAME% %syslogtag%%msg%\n")
```

Kiolezo hicho kitajwe kwenye `action` inayoandika faili: `template="Mbili"`. Nyakati hizo zikiachana, ama saa ya mtumaji imepotea ama mtandao ulikatika logi zikasubiri foleni. Watumaji nao watume kwa muundo wa RFC 3339. Ule wa zamani hauna mwaka wala ukanda wa saa, mpokeaji anakisia.

Kuhusu muda: mwanachama yule alilalamika wiki ya saba. Logi za seva ya wavuti zilishafutika, maana logrotate, inayofuta logi za zamani, ilikuwa imeachwa kwenye wiki nne ilizokuja nazo. Mimi natunza miezi 12, mitatu ya karibuni ikiwa tayari kusomwa, kama kiwango cha usalama cha PCI DSS kinavyodai kwa wenye kadi za benki.

Kila usiku faili la siku lipigiwe `sha256sum`, inayotoa alama ambayo hubadilika faili likihaririwa, na jibu likae kwenye mashine ambayo msimamizi wa seva hana nywila yake. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, kifungu cha 18, inaangalia ulivyoitengeneza na kuitunza data. Wakili wa upande wa pili atakuuliza nani mwingine angeweza kuihariri.